DDR4 au DDR5? Dogo Alitaka Namba Kubwa

Wanajumuiya wenzangu, safari hii sitaongelea bumu kuchelewa wala foleni ya kantini. Naongelea jambo lililotunyima usingizi chumbani kwetu kwa wiki nzima: ukitaka kuunda kompyuta mpya ya gemu leo, uanzie kwenye jukwaa la zamani linalotumia memori ya DDR4, au jukwaa jipya la DDR5?

Mimi nasomea ualimu, si mhandisi. Lakini tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikiunda na kurekebisha kompyuta za washkaji hapa hosteli, kwa hiyo dogo ninayekaa naye chumba kimoja alikuja kwangu kwanza. Alikuwa na shilingi 2,300,000. Si bumu, tuelewane. Ni pesa aliyoiokota kidogo kidogo kwa kufundisha tuisheni likizo mbili mfululizo. Kioo, kibodi na mausi alishavipata kwa binamu yake. Alichohitaji ni sanduku lenyewe na vya ndani yake.

Alikuwa ameshazunguka Kariakoo, na muuzaji mmoja alimwambia, "Mdogo wangu, DDR4 imeshakufa, usizike hela yako." Akarudi chumbani ameshaamua. "Kaka, mimi nataka DDR5 tu. Tano si kubwa kuliko nne?"

Swali lake nililichukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wetu tunafikiri hivyo hivyo. Tukalifanya somo.

Kwanza, unanunua nini hasa?

Memori ni kama dawati la mwanafunzi. SSD ni kabati: inatunza kila kitu, lakini kufungua na kutoa daftari kunachukua muda. Kinachotumika sasa hivi unakiweka juu ya dawati. Prosesa ndiyo mwanafunzi mwenyewe, na ana mfuko wa shati anaoweka kalamu na vikaratasi anavyovigusa kila sekunde. Mfuko huo tunauita kashe. Ukikumbuka dawati, kabati na mfuko, yote yanayofuata yatakaa sawa.

DDR4 ilianza kuingia kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2014. Kiwango cha DDR5 kilichapishwa mwaka 2020, na kompyuta za mezani za kwanza kukitumia zikaja mwishoni mwa 2021. Vipande vyote viwili vina miguu 288, na ukivitazama haraka utadhani ni mapacha. Ila pengo dogo lililopo kwenye ukingo wa kipande haliko sehemu moja. DDR5 haiingii kwenye mazabodi ya DDR4, na DDR4 haiingii kwenye mazabodi ya DDR5. Hakuna adapta wala ujanja wa fundi. Ukiona haingii, usikandamize, maana utavunja nafasi yake kwenye mazabodi.

Hapo ndipo swali linapobadilika. Huchagui memori peke yake. Ukichagua memori umechagua mazabodi, ukichagua mazabodi umechagua soketi, na soketi ndiyo inayoamua prosesa zipi unaweza kuweka leo na zipi miaka mitatu ijayo. Kwa upande wa AMD mstari uko wazi kabisa: soketi ya AM4 ni DDR4 tu, na soketi ya AM5, iliyotoka Septemba 2022, ni DDR5 tu. Kwa hiyo dogo aliposema "nataka DDR5", bila kujua alikuwa anasema "nataka AM5", pamoja na bei ya kila kinachoambatana nayo.

Je, namba kubwa ina kasi kubwa?

Ndiyo, lakini si kwa namna anayodhani mnunuzi. Memori ina sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mzigo inaoweza kupitisha kwa sekunde. Ya pili ni muda wa kusubiri tangu prosesa iombe kitu hadi kianze kufika. Fikiria basi na bodaboda. Basi linabeba watu wengi, lakini hilo halimaanishi linaondoka kituoni mapema.

Kwenye mzigo, DDR5 inashinda bila ubishi. Vipande viwili vya DDR4 ya 3200 vinaweza kupitisha hadi gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Vipande viwili vya DDR5 ya 6000 vinafika 96. Ni karibu mara mbili.

Kwenye kusubiri, mambo ni mengine. Kila pakiti ya memori imeandikwa namba inayoanza na CL. Ukitaka kujua muda wa kusubiri kwa nanosekunde, hesabu yake ni hii:

```
muda (ns) = CL x 2000 / kasi
```

Nilimpa dogo karatasi na kalamu. DDR4 ya 3200 yenye CL16: 16 mara 2000 gawanya kwa 3200, jibu 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30: 30 mara 2000 gawanya kwa 6000, jibu 10. Akanitazama. "Kaka, zimelingana!" Nikamwambia aendelee na ile aliyoonyeshwa dukani, DDR5 ya bei ya chini, 4800 yenye CL40. Akapata 16.7. Yaani memori mpya aliyotaka kuinunua ingemsubirisha zaidi kuliko ile iliyoitwa maiti.

Hii haina maana kwamba DDR5 ni mbaya. Maana yake ni kwamba DDR5 inayostahili kuitwa ya gemu ni ile ya 6000 CL30 au inayokaribia hapo, na si kila kipande chenye namba tano.

Sisi wa ualimu tukifundishwa utafiti tunaambiwa ubadilishe kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki vilivyo. Kwa bahati nzuri jaribio kama hilo lipo. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, zilizotoka mwishoni mwa 2021, zinakubali memori zote mbili, ila kila mazabodi ina aina yake moja. Waliopima prosesa ile ile juu ya DDR4 nzuri na juu ya DDR5 za mwanzo walikuta kwamba kwenye gemu nyingi tofauti ni ndogo. Sasa mtu akikwambia kompyuta yake ya AM5 inaipiga bao ya AM4, anasema kweli. Lakini sehemu kubwa ya ushindi huo imetoka kwenye prosesa mpya yenyewe. Ryzen 5 7600 ya AM5 inapanda hadi 5.1 GHz, wakati Ryzen 5 5600 ya AM4 inaishia 4.4, na kiini chake ni cha kizazi cha nyuma. Memori inasaidia, lakini haikucheza mechi peke yake.

Nani anakaanga chipsi?

Nikamuuliza dogo: pale kantini, dada anayepokea oda na kumenya viazi akiwa mwepesi kama upepo, lakini karai ni moja na dogo dogo, foleni itaisha haraka? Akasema hapana, foleni itasubiri karai.

Gemu iko hivyo hivyo. Kwa kila fremu, prosesa inapanga kazi: nani amesogea, risasi imefika wapi, nini kichorwe. Kisha inaikabidhi kadi ya grafiki, nayo inachora. Prosesa na memori ndio dada wa viazi, kadi ya grafiki ndiyo karai. Ukiwa na karai dogo, memori ya kasi ya ajabu itajaza viazi tu mezani.

Kuna namna rahisi ya kujua nani anachelewesha. Gemu ikiwa inaendelea, angalia matumizi ya kadi kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, mstari wa GPU. Ikikaa 95 hadi 100 kwa mia, karai ndilo limejaa, na memori mpya haitakusaidia kitu. Ikikaa 60 huku fremu hazitoshi, basi tatizo liko kwa prosesa au memori. Uthibitisho wake ni kushusha ubora wa picha kwenye gemu. Fremu zikipanda, ilikuwa kadi. Zikigoma kupanda, ilikuwa upande wa prosesa.

Gemu nazo hazifanani. Counter-Strike 2 na Valorant zikichezwa kwa picha za kawaida huibana prosesa mapema, kwa sababu wachezaji wake wanataka fremu mia mbili na zaidi. Gemu za hadithi zenye picha nzito huibana kadi. Dogo anapenda za aina ya pili, pamoja na mpira jioni.

Hesabu ya dogo, shilingi kwa shilingi

Tulikwenda naye Kariakoo siku ya Jumamosi tukachukua bei mbili kwenye duka moja. Hizi ni bei za siku ile. Ukienda wewe zitakuwa nyingine, kwa hiyo shika mpangilio wa hesabu, usishike namba.

Keisi, pawasaplai na SSD: 500,000. Hivyo vinahitajika kwenye njia zote mbili. Zikabaki 1,800,000.

Njia ya zamani: Ryzen 5 5600 kwa 350,000, mazabodi ya B550 kwa 300,000, DDR4 vipande viwili vya GB 8 kwa 250,000. Jumla 900,000. Inabaki 900,000 ya kadi, na hapo duka lilikuwa na Radeon RX 7600 mpya yenye GB 8.

Njia mpya: Ryzen 5 7600 kwa 550,000, mazabodi ya B650 kwa 450,000, DDR5 vipande viwili vya GB 8 kwa 450,000. Jumla 1,450,000. Inabaki 350,000 ya kadi. Kwa pesa hiyo muuzaji alituonyesha GTX 1660 Super iliyotumika, yenye GB 6.

Dogo alinyamaza. Tofauti ya majukwaa mawili ilikuwa 550,000, na yote ilitoka mfukoni mwa karai. Kwenye gemu anazozipenda, njia mpya ingempa dada mwepesi sana wa viazi na karai la mwaka 2019. Njia ya zamani ingempa dada wa kawaida na karai linalolingana naye.

Mtu anaweza kusema aanze na AM5, kadi ataongeza baadaye. Ni wazo zuri kama hiyo "baadaye" ina tarehe. Nilimuuliza dogo pesa ya kadi itatoka wapi. Likizo mbili zijazo ana mafunzo ya vitendo, hakuna tuisheni. Angekaa mwaka na nusu au zaidi na 1660 Super, akisubiri faida ya jukwaa ambalo haliwezi kuitumia bado.

Kuhusu bei ya memori yenyewe, ongeza jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa 2025 memori imepanda bei dunia nzima, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya data. DDR4 nayo haikusalimika, maana watengenezaji wakubwa wanapunguza kuitengeneza. Ule usemi kwamba "cha zamani lazima kiwe rahisi" hauna uhakika tena. Kama tayari una vipande vya DDR4 vya kompyuta ya mezani, thamani yake imepanda na vinaweza kuamua swali zima. Hakikisha tu si vile vifupi vya laptopu, wala vya seva. Hivyo havitafanya kazi hapa.

Barabara inaishia wapi?

Sasa nimtendee haki muuzaji wa Kariakoo, kwa sababu kuna kitu cha kweli ndani ya maneno yake. AM4 imefika mwisho wa barabara. Ukiwa na 5600, hatua kubwa ya gemu iliyobaki kwenye soketi hiyo ni 5700X3D au 5800X3D. Hizi ni prosesa zenye mfuko wa shati mkubwa isivyo kawaida: kashe ya MB 96, wakati 5600 ina 32. Kwa kuwa mfuko ni mkubwa, prosesa haikimbilii dawatini kila mara, na ndiyo sababu zinacheza vizuri sana hata na DDR4 ya kawaida. Tatizo ni kwamba mpya hazipatikani kirahisi tena, na zilizotumika bei yake ni ya kiburi. Usijenge mpango wako juu ya kitu ambacho huenda usikikute sokoni.

AM5 kwa upande mwingine bado inaishi. AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Mtu aliyeweka 7600 leo anaweza kesho kuitoa na kuweka 7800X3D au 9800X3D kwenye mazabodi ile ile, memori ile ile, akisasisha BIOS tu.

Lakini hapa kuna mtego. Watu wanadhani "DDR5" ndiyo inayokupa barabara ndefu. Siyo. Soketi ndiyo inayoitoa. Soketi ya Intel ya LGA1700 iko na mazabodi za DDR4 na za DDR5. Ukinunua ile ya DDR5 bado umeishia kizazi cha 14, kwa sababu prosesa zilizofuata mwaka 2024 zilihamia soketi nyingine. Umelipia memori mpya, ukanunua barabara iliyofungwa. Kitakachokufaidi ni kwamba memori hiyo unaweza kuhama nayo, basi.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa nne, uhandisi, tuliyekuwa tukishauriana naye, alichagua kinyume na dogo, na naye yuko sahihi. Bajeti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata baada ya kulipia AM5, kadi nzuri ilibaki palepale. Anacheza Counter-Strike 2 kwa ushindani, gemu inayobana prosesa. Tena anaitumia mashine hiyo kwa kazi zake za michoro na anataka idumu miaka mitano au sita. Kwake, DDR4 ingekuwa kuokoa kidogo leo na kununua kila kitu upya kesho.

Ukiangalia wawili hawa, utaona kipimo ninachokitumia. Kwanza panga bajeti na jukwaa jipya. Kama kadi ya grafiki unayoihitaji inabaki ile ile, nenda na AM5 na DDR5, usirudi nyuma. Kama jukwaa jipya linakushusha kadi ngazi nzima au zaidi, na huna tarehe ya kweli ya kuongeza pesa, nenda na DDR4. Na uingie ukijua kwamba siku utakapobadilisha, utabadilisha mazabodi, prosesa na memori kwa pamoja. Kadi, SSD, keisi na pawasaplai utahama navyo.

Mambo yaliyotaka kutukwaza

Dogo alichagua DDR4. Ila kuchagua vizuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inapotea kwenye vitu vidogo.

La kwanza ni majina. Ryzen 5 5600, 5600G na 5500 zinafanana midomoni mwa wauzaji. Lakini 5600G na 5500 zina kashe ya MB 16 tu, na njia yao ya kuongea na kadi ni PCIe 3.0, si 4.0. RX 7600 inatumia nyuzi nane tu za njia hiyo, kwa hiyo ukiipa kizazi cha 3 unaiminya. Ndiyo maana pia tulichukua B550 badala ya B450 iliyokuwa rahisi zaidi: B450 inaishia 3.0. Soma maandishi juu ya prosesa yenyewe, usisome risiti.

La pili ni BIOS. Mazabodi nyingi za AM4 zilitengenezwa kabla ya 5600 kutoka Aprili 2022. Iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kukataa kuwaka hadi isasishwe. Tulimwomba muuzaji aiwashe na prosesa yetu mbele yetu kabla ya kulipa. Ukilazimika kusasisha mwenyewe, usifanye siku umeme unakatika katika. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, mazabodi inaweza kufa.

La tatu lilitupata kweli. Tulipomaliza kufunga, dogo akaanza kucheza, fremu zikawa zinaruka ruka. Akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia ninunue DDR5". Nikafungua PowerShell nikaandika:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select DeviceLocator, Capacity, ConfiguredClockSpeed
```

Majibu yalionyesha memori iko 2400, si 3200, na vipande vyote viwili viko kwenye nafasi mbili zilizopakana. Makosa mawili, yote yangu. Memori ya kasi haijiwashi yenyewe. Lazima uingie BIOS na kuwasha wasifu wake, unaoitwa XMP au DOCP kwenye mazabodi za AM4, na mara nyingi EXPO kwenye AM5. Halafu vipande viwili vinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukivipakanisha vinatumia mlango mmoja badala ya miwili, na ule mzigo wa gigabaiti 51.2 unakatika nusu. Tulirekebisha kwa dakika kumi, fremu zikatulia. Angenunua DDR5 na kuifunga vile vile, angeicheza ikiwa 4800 akidhani ana 6000.

La nne ni kwa wanaokwenda AM5. Ukiwasha mara ya kwanza, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa. Mashine inaipima memori na kujifunza namna ya kuongea nayo. Wengi hupata presha, wakazima, wakaanza upya, wakazima tena, kisha wakarudisha mazabodi nzima dukani. Subiri. Nunua pia vipande viwili tu vya ukubwa unaotaka, maana ukijaza nafasi zote nne kwenye AM5 memori mara nyingi hulazimika kushuka kasi sana.

Wiki iliyopita nilimkuta dogo anacheza, Task Manager imefunguliwa pembeni, GPU iko 98. Akaniambia bila kugeuka, "Kaka, karai limejaa." Nikajua somo limeingia. Kisha akaniuliza AM6 itatoka lini. Nikazima taa, nikalala.